Kurasa tano za mtoto wa dada, mpaka moja

Jumapili nimeshinda na mtoto wa dada hapa Malaba upande wa Uganda tunapangua CV yake. Kamaliza digrii ya manunuzi na lojistiki, kazi hajapata, na kuna kampuni ya clearing hapa mpakani inatafuta karani wa nyaraka. Kaja na kurasa tano. Tano! Mtu ambaye kazi pekee aliyofanya ofisini ni fildi ya miezi miwili ya mwaka wa pili. (Yenyewe imeandikwa Kizungu bila shaka, ila mimi hapa naeleza kwa lugha yetu.)

Mimi niliwahi kukaa na rundo la maombi mezani, ofisi ya usafirishaji niliyokuwepo zamani, na nawaambia ukweli ukurasa wa tatu haufikiwi na mtu. Unashika, unatazama juu, unatafuta kitu kinachofanana na kazi iliyotangazwa, hukioni, unaweka pembeni. Wala si roho mbaya, karatasi ni nyingi na chai inapoa.

Kwa hiyo kabla ya kugusa CV nikamwambia lete tangazo. Tukalisoma na biki mkononi, tukapiga mstari chini ya kila kinachotajwa kama kazi ya kufanya, achana na yale maneno ya "mchapakazi mwenye ari" maana hayo yako kwenye kila tangazo. Yakabaki mambo matatu: kukagua nyaraka za mzigo kabla ya kupeleka forodha, kutunza rekodi kwenye Excel, na kuongea na madereva na wateja kwa Kiswahili na Kizungu. Basi. Kila mstari wa zile kurasa tano ukapita hapo, kama haujibu moja ya hayo matatu na si wa kukutambulisha wala wa shule, unatoka.

Ukurasa wa kwanza ulikwenda karibu wote. Neno CURRICULUM VITAE limeandikwa kubwa kama bango la duka, chini yake picha ya pasipoti saizi, tarehe ya kuzaliwa, dini, kabila, hali ya ndoa, jina la baba, mpaka namba ya kitambulisho cha taifa. Hiyo namba ndo ilinitia hofu, karatasi inazunguka maofisini na saiba kafe zote na NIN yako iko juu, mtu asiyekujua anaweza kuitumia vibaya. Ofisi itaiomba siku ya kusaini mkataba. Tukabakisha jina, simu, imeli, na "Malaba, Tororo" maana kukaa karibu na mpaka kwa kazi ya zamu ni faida. Imeli nayo tulifungua nyingine, ile ya zamani ilikuwa na neno "cutie" ndani.

Shule zilikuwa na meza nzima, PLE na agrigeti zake, UCE somo kwa somo. PLE ikatoka, UCE na UACE zikakaa mstari mmoja mmoja bila orodha ya masomo, digrii ikapanda juu. Ana 3.8, sekendi apa, tukaandika "3.8 kati ya 5.0" kwa sababu huku mpakani msomaji anaweza kuwa Mkenya na vyuo vya kwao havihesabu hivyo, akiona 3.8 tupu hajui aiweke wapi.

Sasa fildi, hapo ndo tulikaa sana. Alikuwa ameandika mstari mmoja: "Nilijifunza mambo mengi kuhusu kazi za ofisi." Nikamwambia hebu niambie, Jumatatu asubuhi ukifika, ulikuwa unashika nini? Akaanza kucheka, "Mama mdogo, si nilikuwa napewa tu faili." Faili la nini? La lori. Ndani kuna nini? Ankara, orodha ya mizigo, hati ya usafirishaji. Ukazifanya nini? "Naangalia kama zinalingana, idadi ya katoni, uzito, jina la mwenye mzigo." Na zisipolingana? Akakumbuka siku moja uzito kwenye orodha ya mizigo ulikuwa tofauti na wa kwenye hati, akamwambia mkubwa wake, wakampigia aliyetuma mzigo ikarekebishwa kabla tamko la mzigo halijaingizwa forodha. Na hicho ndicho tangazo linaomba, halafu kakifukia chini ya "mambo mengi"! Nikamuuliza malori mangapi kwa siku, akasema kama kumi, siku za kubanana hata kumi na tano. Tukaandika hivi:

"Nililinganisha ankara, orodha ya mizigo na hati ya usafirishaji za malori 10 hadi 15 kwa siku, na kuripoti tofauti kabla ya tamko kuingizwa ASYCUDA."

Yeye akataka aongeze "nilitumia ASYCUDA". Nikakataa. Hakuwa na akaunti ya kuingia kwenye huo mfumo wa forodha, aliyekuwa anaingiza ni wakala mwenye leseni, yeye aliandaa karatasi. Kwenye intavyuu watamkalisha mbele ya kompyuta waseme haya tuoneshe, na hapo hata yale ya kweli hawatayaamini tena. Akiandika "niliandaa" inatosha, kazi ya karani ndo hiyo.

Kilichonishangaza ni alichokiacha nje. Miaka yote ya chuo akiwa likizo anakaa kwenye kibanda cha mobail mani cha mama yake, anahesabu floti asubuhi, anafunga daftari jioni, pesa ya mkononi na ya kwenye simu zikubaliane. Eti si kazi ya ofisi, anaona aibu. Nikamwambia iandike, tena kwa hayohayo maneno, mtu anayetafuta karani wa namba anataka kuona umeshika pesa za watu na hesabu zikakaa sawa. Ikachukua nafasi ya semina nne za uongozi na "kusoma riwaya na kutazama mpira".

Lugha zikabaki, ila kwa undani kidogo: Kiswahili na Kizungu kuongea na kuandika, Ateso kuongea. Wadhamini walikuwa watatu na masanduku yao ya posta, nusu ukurasa nzima. Tangazo limeomba wawili, akabaki mhadhiri wake na msimamizi wa fildi, mstari mmoja kila mtu, na kawapigia kwanza. Mchungaji hakufurahi lakini atazoea.

Bado ikawa ukurasa na mistari mitatu. Akakimbilia kupunguza herufi mpaka 8. Hapana, herufi zikae 11 na pembezoni ziwe na hewa, ukiona haitoshi ujue bado kuna mstari wa kutoa. Ukatoka ule wa "lengo langu la kazi". Kisha tukasevu PDF, kwa sababu ile ya Word ukiifungulia kwenye kompyuta ya kafe fonti inabadilika na mstari wa mwisho unarukia ukurasa wa pili peke yake.

Zile kurasa tano hatukuzifuta, nimemwambia aziweke kwenye simu kama ghala lake. Akiomba serikalini kuna Fomu namba 3 ya Tume ya Utumishi wa Umma, hiyo inadai historia yako ya shule pamoja na nakala za vyeti, ukurasa mmoja haukusaidii kitu. Na wiki ijayo anataka kuomba kazi ya keshia hukuhuku Malaba, hapo kibanda cha mama kinapanda juu kabisa na malori yanashuka chini.