Nilivyoacha kuficha jina la waifai na kuchuja anwani za MAC

Kwa zaidi ya miaka miwili waifai ya nyumbani kwangu ilikuwa na vizuizi viwili nilivyoviamini sana. Jina lake nilikuwa nimelificha, na ruta ilikubali vifaa vile tu ambavyo anwani zake za MAC, namba zinazokitambulisha kila kifaa mtandaoni, nimeziandika kwa mkono wangu, kimoja baada ya kingine. Orodha ilifika vifaa 19. Nywila yenyewe ilikuwa tarakimu nane tu, rahisi kukumbuka, kwa sababu nilijiona nina makomeo mawili mlangoni tayari.

Simu ya mdogo wangu ndiyo iliyonifanya nianze kuchunguza. Aliifuta yote na kuianza upya, kisha ikakataa kuingia kwenye mtandao.

"Kaka, umebadilisha nywila?" akaniuliza.

Sikuwa nimebadilisha chochote. Tuliandika nywila upya, tukazima ruta na kuiwasha, tukaandika tena, jioni nzima ikaisha hivyo. Simu ilisema tu kwamba imeshindwa kuunganisha, na hapo ndipo shida ilipo: kifaa kilichokataliwa na kichujio hakiambiwi sababu, kwa hiyo mtu hudhani kakosea nywila. Jibu nililipata kwenye kumbukumbu za ruta. Kulikuwa na anwani iliyokuwa ikibisha hodi na kukataliwa kila mara, ikianza na `da`, ambayo sikuwa nayo kwenye orodha.

Herufi hiyo ya pili inaeleza mengi. Anwani ya MAC ina tarakimu 12 za mfumo wa kumi na sita, na tarakimu ya pili ikiwa 2, 6, A au E, basi anwani hiyo haikutoka kiwandani, imetungwa na kifaa chenyewe. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujitungia anwani ya bandia kwa kila mtandao bila kuombwa, ili mwenye simu asifuatiliwe kutoka mahali hadi mahali. Ukiifuta simu na kuianza upya, inatunga nyingine. Ningeweza kumwambia azime kinga hiyo ili orodha yangu iendelee kufanya kazi, lakini nilijikuta namwomba aache ulinzi halisi kwa ajili ya kichujio ambacho sikuwahi kukijaribu hata mara moja.

Basi nikakijaribu, kwenye mtandao wangu mwenyewe. Nilichukua kompyuta mpakato yenye kadi ya waifai inayoweza kusikiliza hewani bila kujiunga popote, nikawasha programu ya kusikiliza:

```
sudo airmon-ng start wlan0
sudo airodump-ng wlan0mon
```

Mtandao wangu ulitokea mara moja. Badala ya jina paliandikwa `<length:  9>`, yaani kuna mtandao hapa na jina lake lina herufi tisa. Kumbe ruta iliyofichwa jina hainyamazi. Inaendelea kutangaza uwepo wake karibu mara kumi kwa sekunde, ila nafasi ya jina inaiacha tupu. Chini yake, kwenye safu ya `STATION`, zilikuwa zimepangwa anwani za vifaa vyangu vyote vilivyokuwa vikitumia mtandao wakati huo. Usimbaji wa WPA2, mfumo unaolinda waifai kwa nywila, hufunika yaliyomo ndani ya pakiti, lakini anwani ya anayetuma na anayepokea hubaki nje, kama ilivyo kwenye bahasha. Orodha niliyoilinda kwa miaka miwili ilikuwa ikisomwa na yeyote aliye karibu.

Kisha nikazima waifai ya simu yangu na kuiwasha. Ilipojiunga tena, ilibidi iitaje ruta kwa jina, na jina hilo hupita hewani bila kufichwa. Pale palipoandikwa `<length:  9>` pakageuka kuwa jina kamili. Mtu mwenye nia mbaya hana haja ya kungoja: kama fremu za usimamizi, yaani jumbe za kuunganisha na kutenganisha vifaa, hazijalindwa, anaweza kutuma ujumbe bandia wa kukitenganisha kifaa na ruta, nacho kitajiunga upya chenyewe.

Likabaki komeo la anwani. Nilizima simu yangu, nikaivalisha kompyuta anwani yake (hapa nimeweka ya mfano):

```
sudo airmon-ng stop wlan0mon
sudo ip link set wlan0 down
sudo ip link set wlan0 address 00:11:22:33:44:55
sudo ip link set wlan0 up
```

Nikaandika nywila, ruta ikaipokea kompyuta ikidhani ni simu. Kazi yote haikufika robo saa. Kitu pekee ambacho kingemzuia mgeni ni nywila, na nywila ndiyo niliyokuwa nimeidhoofisha. Tarakimu nane zina michanganyiko milioni 100. Anayerekodi kifaa kikijiunga anaweza kwenda kubahatisha nywila kwenye kompyuta yake mwenyewe, bila kuigusa ruta tena. Kadi ya michoro inayojaribu laki nne kwa sekunde inaimaliza michanganyiko yote kwa dakika nne na ushei.

Jambo lililoniumiza zaidi nililiona siku nyingine, nikiwa mbali na nyumbani na programu ile ile imewashwa. Kwenye safu ya `Probes`, mbele ya anwani ya simu yangu, kulikuwa na jina la mtandao wangu wa nyumbani. Simu haiwezi kuuona mtandao uliofichwa kwa kusikiliza tu, kwa hiyo huuita kwa jina kila inapotafuta waifai, popote ilipo. Kwa kulificha jina kwenye ruta moja, nilikuwa nimelitoa likatangazwe njiani. Anayelisikia anaweza kuwasha ruta bandia yenye jina hilo, simu ikajaribu kujiunga, na jaribio hilo peke yake likampa cha kutosha kuanza kubahatisha nywila ya WPA2.

Kichujio kinaweza kumzuia mtu aliyejiunga bila kukusudia, sikatai. Kwangu hilo halikulingana na jioni nilizopoteza.

Nilizima vyote viwili. Nywila mpya ni maneno sita niliyoyachagua kwa kurusha dadu, si kwa kuyafikiria, maana maneno ya kichwani hufuata mazoea. Nilizima WPS, njia ya kujiunga kwa namba fupi ya siri ambayo inaipita nywila hata iwe ndefu vipi. Usalama niliuweka WPA3, mrithi wa WPA2, lakini printa yangu ya zamani ikashindwa kuingia, hivyo nikarudi kwenye mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 na kuruhusu ulinzi wa fremu za usimamizi kwa vifaa vinavyouweza. Wageni nikawapa mtandao wao, wenye nywila yake, usioona vifaa vyetu.

Kuna hatua moja ningeisahau kama nisingepima tena. Simu huhifadhi kumbukumbu kwamba mtandao fulani umefichwa, na huendelea kuuita hata baada ya ruta kuanza kulitangaza jina. Ilinibidi niufute mtandao kwenye kila kifaa na kuuchagua upya kutoka kwenye orodha inayoonekana, bila kuandika jina kwa mkono. Jina lenyewe nililibadilisha pia, kwa kuwa la zamani lilishazagaa. Simu ya mdogo wangu iliingia kwa jaribio la kwanza, na anwani yake ya bandia ikiwa imewashwa. Wiki iliyofuata nilitoka tena na kompyuta na simu yangu, nikaacha programu isikilize nusu saa. Safu ya `Probes` mbele ya simu yangu ilibaki tupu.