Kadi ya dina ya kampuni, na vile "saa 12:30" ilinitoa jasho

Mimi ni karani tu wa ofisi hapa Kisumu, lakini kampuni yetu ilipokaribia kufikisha miaka 15 bosi aliniita akaniambia, "Wewe ndiye unajua Kiswahili, andika kadi ya dina na programu." Nikasema sawa, hiyo ni kazi ya dakika kumi. Ilinichukua wiki mbili.

Kadi ya kwanza niliandika "Saa 12:30 jioni. Mavazi: rasmi." Nikaona imeiva. Kabla ya kupeleka kwa mchapishaji nikaituma kwa watu watatu nione wataielewaje, na hapo ndio mambo yakaharibika, jamaa mmoja anayetuletea bidhaa kutoka Busia akanipigia kuniuliza hiyo lanchi itaisha saa ngapi ndio apate matatu ya kurudi. Lanchi? Kumbe ameona 12:30 akasoma saa sita na nusu mchana, neno "jioni" hata hakuliona. Na si makosa yake, sisi huku tunaongea saa kwa Kiswahili lakini tukiandika namba tunaandika ya kizungu, so jicho likishaona 12:30 limeshaamua. Nikabadilisha, saa ikaandikwa kwa maneno kamili na kando yake namba ya masaa 24, 18:30, kama kwa tiketi ya ndege. Ukiandika hivyo hakuna mtu atakuja mchana.

Kitu kingine, nilikuwa nimeweka muda mmoja tu. Mkenya akiona muda mmoja anajua huo ni wa kutoka nyumbani. Kwa hivyo nikaweka miwili, wa kufika na wa kuketi, na bosi akaniongezea sentensi ya heshima kwamba mgeni rasmi atapokelewa watu wote wakiwa wameketi. Hiyo sentensi ilifanya kazi kuliko kuandika "tafadhali zingatia muda", hiyo watu wamezoea kuipita tu.

Mavazi nayo. Mama wa mapokezi aliniuliza, "Rasmi ni ya suti ama ya kanisa?" Dereva wetu akauliza kama lazima anunue koti. Nikaona "rasmi" peke yake inawatisha wengine na wengine haiwaambii kitu, afadhali utaje nguo zenyewe. Halafu karamu ilikuwa kwa bustani ya hoteli, nyasi tupu, na visigino vyembamba vinazama kwa nyasi, hiyo mtu huambiwa mapema si akishafika. Mwishowe kadi ikasoma hivi:

"Mkurugenzi na wafanyakazi wote wanayo furaha kukualika, Bw./Bi./Dkt. .........., pamoja na mwenzi wako, kwenye chakula cha jioni cha kuadhimisha miaka 15 ya kampuni, Ijumaa tarehe 5 Desemba 2025.

Kuwasili: saa kumi na mbili na nusu jioni (18:30). Kuketi: saa moja na robo (19:15), ili mgeni rasmi apokewe sote tukiwa tumeketi.

Mavazi: suti, au shati na tai bila koti, gauni, au vazi la kitenge. Tutakuwa bustanini, kwa hivyo viatu vya kisigino kipana vitakufaa zaidi, na shali au sweta ya upepo wa usiku.

Kadi hii ni ya watu wawili. Tafadhali tuthibitishie kuja kwako kabla ya Ijumaa tarehe 21 Novemba."

Hiyo tarehe ya kuthibitisha niliiweka wiki mbili kabla kwa sababu hoteli ilitaka idadi ya sahani mapema, na kuna wale wa kujibu siku ya mwisho, lazima uwaachie nafasi ya kuwapigia.

Programu ndio ilileta ubishi. Bosi alitaka hotuba zote kwanza halafu chakula. Nikamwambia mzee, tuko watu 120, meza ya bufee ikiwa na foleni moja na kila mtu achukue sekunde 20 hivi, hiyo ni dakika 40, sasa hotuba zikivuka zikaanza kula dakika zingine mgeni wa Kakamega atakula saa nne. Tukakubaliana maombi na makaribisho mafupi, chakula kwa foleni mbili, hotuba watu wakiwa wameshiba, tuzo za wafanyakazi, keki, kufunga saa nne na nusu.

Nikatengeneza programu mbili. Ya wageni ina mpangilio tu na nyakati tatu, ya kuketi, ya chakula na ya kufunga. Ya emsii ndio ina dakika za kila mtu, na jina la nani wa kuitwa kama mwenye zamu hajafika. Ukiwapa wageni ile ya dakika wataanza kuangalia saa mbele ya mheshimiwa, na mheshimiwa mwenyewe akiona ameandikiwa dakika 7 anaweza kununa, yeye aliambiwa kwa simu na msaidizi wake, taratibu.

Siku yenyewe saa moja na robo meza mbili tu ndizo zilikuwa na viti wazi. Yule jamaa wa Busia alikuwa wa kwanza kufika, na kitenge kipya.