Mifuko 25 ya saruji iliyopotea bila kuibwa

Mfumo niliuandika mimi, kwa hiyo mifuko ile niliipoteza mimi, ingawa sikuwahi kubeba hata mmoja.

Kuna wakala mdogo wa mizigo hapa Tanga, ofisi yake iko Ngamiani, barabara ya nane. Anapeleka bidhaa Pemba kwa boti. Orodha ya kila shehena inashikwa na watu wawili: dada wa ofisini anayetumia kompyuta, na mzee karani wa gatini anayehesabu mzigo huku simu iko mkononi. Wote wawili wanafungua orodha ile ile, na hapo ndipo mkasa ulipoanzia.

Siku hiyo shehena namba 47 ilikuwa na mifuko 120 ya saruji. Dada aliifungua saa nne na dakika tano asubuhi ili arekebishe namba ya simu ya mpokeaji wa Wete, kisha akaja mteja kaunta, akaiacha wazi. Dakika mbili baadaye mzee naye akaifungua. Mifuko 25 haikuletwa gatini, hivyo akafuta 120, akaandika 95, akahifadhi. Saa nne na dakika kumi na mbili dada akamalizana na mteja, akaandika namba mpya ya simu, akabonyeza Hifadhi. Fomu yangu ilikuwa inatuma orodha nzima, si namba ya simu peke yake. Ikabeba na ile 120 iliyokuwa imekaa kwenye skrini yake tangu alipoifungua. Kwa maneno mengine, alihifadhi kiporo. Seva ikakipokea, ikafuta 95 ya mzee, ikajibu `200 OK` kwa furaha kabisa.

Boti ikaondoka na mifuko 95 na karatasi inayosema 120. Jioni simu kutoka Wete: mifuko 25 iko wapi? Macho yote kwa mzee. Akaniita pembeni. “Mwanangu, mimi niliandika tisini na tano. Kwa mkono huu.” Nilimwamini, maana kwenye kumbukumbu za seva maombi yote mawili yalionekana, la kwanza na 95, la pili na 120. Hakukuwa na hitilafu hata moja iliyoandikwa. Hilo ndilo baya la kosa hili: kila mtu anajibiwa kwamba amefanikiwa.

Dawa ya kwanza niliyojaribu ilikuwa kufuli: anayefungua kwanza anaishika orodha, mwingine asubiri. Mzee akaifungua, akatia simu mfukoni, akaenda kuswali adhuhuri. Ofisi nzima ikakwama. Nikaweka kufuli ijifungue baada ya dakika kumi. Basi mzee akarudi dakika ya ishirini, kufuli imeshajifungua, dada ameshabadilisha mambo, naye akahifadhi juu yake. Tukarudi tulikotoka. Kufuli ile ilikuwa kama wasemavyo wa kwetu, waja leo waondoka leo. Siku ya tatu nikaiondoa.

Njia iliyofaa haimzuii mtu kufungua. Inatumaini kwamba wawili hawatagongana, kwa sababu mara nyingi kweli hawagongani, na ukaguzi unafanyika mlangoni wakati wa kuhifadhi. Kila orodha ina namba ya toleo. Seva inapoitoa, inaitoa na lebo:

```
HTTP/1.1 200 OK
ETag: "7"
```

Anayehifadhi analazimika kurudisha lebo aliyopewa. Anaiambia seva: pokea hii ikiwa tu orodha bado iko kwenye toleo hilo.

```
PUT /shehena/47
If-Match: "7"
```

Alama za kunukuu ni sehemu ya lebo; ukiziacha, umekosea. Lebo ikilingana, seva inaandika na toleo linakuwa 8. Isipolingana, haigusi kitu, inajibu `412 Precondition Failed`. Turudie siku ile: mzee angehifadhi kwa "7", orodha ingekuwa "8", na dada aliyekuwa bado ameshika "7" angekataliwa. Ile 95 ingebaki.

Ukaguzi wenyewe nilianza kuuandika vibaya. Nilisoma toleo kutoka kanzidata, nikalinganisha ndani ya programu, kisha nikaandika. Kati ya kusoma na kuandika kuna upenyo mdogo, na maombi mawili yakifika pamoja yote mawili yatasoma 7, yote mawili yatapita. Kulinganisha na kuandika lazima viwe tendo moja:

```
UPDATE shehena
SET mifuko = 95, toleo = toleo + 1
WHERE id = 47 AND toleo = 7;
```

Baada ya hapo uliza mistari mingapi imebadilika. Mmoja, umeshinda. Sifuri, kuna aliyekutangulia, au orodha imefutwa, kwa hiyo angalia kama bado ipo kabla ya kujibu 412. Maombi mawili yakija kwa pamoja, kanzidata inamsubirisha wa pili, na zamu yake ikifika anakuta toleo ni 8.

Upande wa seva ukaisha. Kazi kubwa ikawa upande wa skrini: programu ikipokea 412, ifanye nini?

Nina aibu kusema nilichofanya kwanza. Niliiandika ichukue lebo mpya kimyakimya, kisha itume tena fomu ile ile. Majaribio yote yakapita, hakuna aliyelalamika, nami nikajipongeza. Kumbe nilikuwa nimerudisha ugonjwa ule ule na kuuvalisha kanzu. Lebo mpya juu ya maudhui ya zamani ni uongo: inadai umeliona toleo la 8 wakati hujaliona. Niligundua nilipolirudia tukio la shehena 47 kwa mkono, madirisha mawili ya kivinjari kando kwa kando, nikaiona 120 ikirudi.

Sasa programu inatunza nakala tatu: orodha ilivyokuwa ulipoifungua, ulivyoandika wewe, na ilivyo sasa kwenye seva. Ikipata 412 inachukua orodha ya sasa pamoja na lebo yake, halafu inalinganisha. Kama dada alibadilisha simu tu na mzee alibadilisha mifuko tu, inachukua orodha ya sasa, inatia simu mpya juu yake, inatuma na lebo ya "8". Kama wote wawili wamegusa mifuko, haiamui chochote. Inaonyesha namba zote mbili, na mtu ndiye anayechagua.

Kuunganisha huko nako kulitaka kunitia shimoni. Orodha ilikuwa na sehemu ya mifuko na sehemu ya uzito, kila moja ikijazwa kwa mkono. Mfuko ni kilo 50, kwa hiyo 120 ni kilo 6,000 na 95 ni kilo 4,750. Mmoja akirekebisha mifuko na mwingine uzito, mashine inaona sehemu mbili tofauti, inaziunganisha, na inazaliwa orodha ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuiona: mifuko 95 yenye kilo 6,000. Nikaifuta sehemu ya uzito, sasa unakokotolewa.

Wiki ya pili likaja fumbo lililoninyima usingizi. Mzee akawa anakataliwa kila akihifadhi, hata akiwa peke yake. Si shehena zote, ni zile ndefu tu. Mimi nikijaribu kwa `curl`, zinapita.

Kisa kilikuwa ubanaji wa data. Ili kuokoa bando la simu nilikuwa nimewasha `gzip` kwenye nginx iliyokaa mbele ya programu, na nikaiagiza ibane majibu yanayozidi baiti 1,000. Ikibana jibu, nginx inageuza lebo `"7"` kuwa `W/"7"`, yaani lebo dhaifu: maana ni ile ile, ila baiti zimebadilika. Haikukosea. Kanuni za HTTP, RFC 9110 ya mwaka 2022, zinataka `If-Match` ilinganishwe kwa nguvu, na lebo dhaifu hailingani na chochote, hata na pacha wake. Orodha fupi hazikubanwa, zikapona. `curl` haiombi kubaniwa usipoiagiza, ndiyo maana kwangu kila kitu kilikuwa salama. Ukitaka kuona yanayompata mwenye simu, omba hivi:

```
curl -s -D - -o /dev/null \
  -H 'Accept-Encoding: gzip' \
  https://mfano.example/shehena/47
```

Ukiona `W/` mbele ya lebo, umempata mchawi. Wapo wanaoikata tu hiyo `W/` kwenye seva, na mara nyingi inafanya kazi. Mimi nilizima ubanaji kwenye njia hiyo peke yake. Orodha ya kilobaiti chache haimmalizii mtu bando.

Kukataliwa kwingine kulitokana na mtandao wa gatini. Simu inatuma, seva inaandika toleo la 8, jibu linapotea njiani. Simu inajaribu tena na "7", inapigwa 412. Mzee anagombana na mzee. Ile hatua ya kulinganisha ikanifaa tena: orodha ya sasa ikiwa sawasawa na nilichotaka kuandika, basi kilishaandikwa, mwambie mtu imehifadhiwa.

Simu zilizobaki na programu ya zamani hazikutuma lebo kabisa, na ombi lisilo na `If-Match` lingepita bila kukaguliwa. Hizo seva inazijibu `428 Precondition Required`, jibu lililoongezwa mwaka 2012 kwa ajili ya hali hii hii. Na boti ikishaondoka, orodha imefungwa. Anayejaribu kuigusa anapata `409 Conflict`, hata kama lebo yake ni mpya kabisa. Nilizitenganisha makusudi: kwa 412 unasoma upya na kujaribu tena, kwa 409 hii hata usome mara kumi boti hairudi, kwa hiyo skrini haina kitufe cha kujaribu tena.

Maneno ya skrini ya 412 yalibishaniwa kuliko msimbo. Mimi niliandika “Mgogoro wa data.” Mzee akaisoma, akavua miwani. “Mgogoro na nani? Mimi sina ugomvi na yule binti.” Nikaifuta. Sasa inasema: “Ofisi imebadilisha mifuko saa 4:09, wewe ukiwa umeifungua. Wao wameandika 97, wewe 95.” Mara ya kwanza ilipomtokea hakubonyeza chochote. Alipiga simu ofisini, kisha akateremka botini kuhesabu upya.