Nilivyotafsiri transkripti ya Kenya kwa chuo cha Italia bila kugeuza alama hata moja

Ukipata 58 katika vyuo vikuu vyetu vingi, hiyo ni C, na C ni kufaulu. Sasa chukua hiyo 58 uigeuze kwa hesabu ya haraka iwe juu ya 30, maana Waitalia mitihani yao ya chuo wanaihesabu juu ya 30. Unapata 17.4. Na Italia mtihani hupitwa kuanzia 18. Yaani mwanafunzi aliyefaulu Kenya amefelishwa na kikokotoo kabla faili yake haijasomwa.

Hilo ndilo nililolikuta kwenye karatasi alizoniletea binti mmoja wa hapa Malindi, aliyekuwa anaomba nafasi ya shahada ya uzamili huko Italia. Mimi Kiitalia nilikianza mapokezi ya hoteli, kama wengi wa rika langu mji huu, kisha nikakisoma darasani. Kazi zangu nyingi ni mikataba ya nyumba na vyeti vya ndoa. Yeye alikuwa tayari ana tafsiri iliyofanywa na mtu mwingine, na chuo kilikuwa kimemjibu kwa ufupi kwamba alama zilizo kwenye tafsiri hazionekani popote kwenye hati ya asili, kwa hiyo faili imesimamishwa mpaka apeleke tafsiri nyingine.

Nilizisoma hati mbili kwa pamoja, mstari kwa mstari. Aliyetafsiri alikuwa ameifuta safu ya alama juu ya 100 na kuweka yake juu ya 30. Uchumi wa mazingira, 72, ambayo kwenye transkripti ni A, ilikuwa 22. Takwimu, 58, ilikuwa 17. Wastani wake wa 64, unaompa daraja la pili la juu, ulikuwa umeandikwa 70 juu ya 110, maana shahada nzima Italia hupewa alama juu ya 110. Kiwango cha chini cha kuhitimu kule ni 66. Msomaji wa Kiitalia akiona 70 anaona mtu aliyepenya kwa tabu, na chini yake anaona masomo kadhaa yaliyofeliwa ambayo hayaelezeki yamefikaje kwenye hati ya mhitimu.

"Sasa ami, wewe utanigeuzia vizuri?" akaniuliza.

"Mwanangu, sitaigeuza hata moja," nikamwambia, na nikaona uso ukimbadilika. Basi nilimkalisha nikamwonyesha. Tukisema 40 yetu iwe 18 yao, na 100 yetu iwe 30 yao, ile 72 inakuwa 24.4 na 64 inakuwa 22.8. Afadhali kidogo. Lakini hesabu hiyo nayo inachukulia kwamba wahadhiri wetu hutoa 90 na 95 kama vile kule wanavyotoa 28 na 29, na kila aliyesoma hapa anajua kwamba mwenye 75 ndiye anayepigiwa makofi. Tukisema basi 70 iwe 28, nani ametupa ruhusa? Kila njia inatoa jibu lake, na mfasiri akichagua mojawapo amekwisha kuwa mtathmini. Kazi hiyo ina wenyewe: kamati ya chuo husika, au kituo cha CIMEA kule Roma kinachotoa taarifa za ulinganisho wa shahada za nje. Mfasiri anachoweza kufanya, na anachopaswa kufanya, ni kuhakikisha kwamba anayetathmini ana kila kitu cha kuisoma 64 kwa mizani ya mahali ilipotoka.

Jambo la kwanza nililomwomba ni hati kamili. Alikuwa ameskani upande wa mbele tu. Jedwali la gredi kwenye transkripti yake limechapwa nyuma, kwa herufi ndogo za kijivu, na hata mfasiri wa kwanza huenda hakuwahi kuliona. Bila ukurasa huo, chochote nitakachosema kuhusu gredi kitakuwa maneno yangu tu. Nikiwa nao, natafsiri hati ya chuo. Tuliskani upya kurasa zote, mbele na nyuma, kwa rangi, ili muhuri wa bluu uonekane ni muhuri na si doa.

Kutafsiri lile jedwali la masomo kulikuwa kazi ya uvumilivu zaidi ya ujuzi. Nililipanga kama lilivyo, safu kwa safu, misimbo ya yuniti nikaiacha bila kuigusa ili mtu akiweka hati mbili ubavu kwa ubavu aone kila mstari uko mahali pake. Mihuri na sahihi niliielezea ndani ya mabano ya mraba: muhuri wa duara wa ofisi ya msajili, sahihi isiyosomeka. Safu ya saa ilinishughulisha kidogo. Kila yuniti imeandikwa saa 45, ambazo ni saa za darasani. Krediti moja ya Italia ni saa 25 za kazi yote ya mwanafunzi, pamoja na kusoma peke yake. Ukigawanya 45 kwa 25 unapata krediti isiyofika mbili kwa somo la muhula mzima, kosa lilelile la alama likivaa nguo nyingine. Niliandika saa 45 za mafundisho, nikaishia hapo.

Jina la shahada niliacha lilivyochapwa, na chini yake nikaweka maelezo mafupi: shahada ya kwanza ya chuo kikuu, miaka minne ya masomo. Sikuandika Laurea. Hilo ni jina la shahada ya Kiitalia iliyowekwa na sheria yao, na kumpa mtu jina hilo ni kumtambulia shahada, jambo ambalo liko nje ya uwezo wangu.

Kisha nikaandika maelezo ya mfasiri. Niliyarudia mara nyingi mpaka kila sentensi ikawa na karatasi ya kuiunga mkono. Kwa Kiswahili yangesomeka hivi:

"Alama zimeachwa kama zilivyo kwenye hati ya asili, juu ya 100. Kwa mujibu wa jedwali lililochapwa nyuma ya hati, A ni 70 hadi 100, B ni 60 hadi 69, C ni 50 hadi 59, D ni 40 hadi 49, na E, chini ya 40, ni kufeli. Alama ya chini ya kufaulu ni 40. Shahada hupangwa kwa wastani: daraja la kwanza kuanzia 70, la pili la juu kuanzia 60, la pili la chini kuanzia 50, na kufaulu kuanzia 40. Mfasiri hajageuza alama yoyote kuwa ya mfumo wa Italia. Kugawanya kwa uwiano kutoka 100 hadi 30 kungezishusha alama zote za C na D, ambazo hapa ni za kufaulu, chini ya 18. Ulinganisho ni wa mamlaka inayohusika."

Ile sentensi ya kugawanya kwa uwiano niliifikiria sana, maana inakaribia kuwa hoja ya kumtetea mteja. Niliiacha kwa sababu ni hesabu ambayo yeyote anaweza kuikagua: 59 juu ya 100 ni 17.7 juu ya 30, na hakuna C iliyo juu ya hiyo. Nisingeandika, kwa mfano, kwamba A yetu ni sawa na 30 yao. Hayo yangekuwa maoni yangu, na ofisi ya udahili ina haki ya kuyatupa pamoja na tafsiri yote.

Ikabaki nyota moja. Kwenye mwaka wa pili kulikuwa na 40 yenye kinyota, na jedwali la nyuma linasema tu kwamba kinyota ni mtihani wa marudio, ule wanafunzi wanaouita sapu. Halisemi kwamba katika chuo chake anayefaulu sapu haandikiwi zaidi ya 40, hata kama karatasi yake ilistahili 65. Italia mtihani uliofeliwa kwa kawaida hauachi alama kwenye rekodi; mwanafunzi hurudi akaufanya tena na kupewa alama anayoistahili. Kwa hiyo msomaji wao hawezi kukisia kwamba hiyo 40 ni dari. Mimi nalijua hilo, lakini kujua kwangu si ushahidi. Nilimtuma atafute kanuni za mitihani, akapata ukurasa husika kwenye kitabu cha wanafunzi. Nikautafsiri kama hati ya pili, na kwenye maelezo nikaelekeza huko.

Mwenyewe akaniuliza kama kuna njia ya kuonyesha kwamba daraja la pili la juu si jambo dogo. Ipo, na iko kwenye makabati ya nyumba nyingi: kitabu cha mahafali. Vyuo vyetu huchapa majina ya wahitimu kwa kozi na kwa daraja. Ukifungua kozi yake, walio daraja la kwanza wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na yeye yuko kwenye kundi linalofuata. Mwongozo wa krediti za Ulaya nao unapendekeza gredi zilinganishwe kwa kuangalia zinavyogawanywa, wangapi wanapata nini, si kwa uwiano wa namba. Nilitafsiri kurasa zile, tukayafunika majina ya wenzake, naye akaziambatanisha kama hati yake, nje ya maelezo yangu.

Mihuri ya Nairobi na ya ubalozi aliishughulikia mwenyewe. Chuo kilirudi na swali moja tu, kuhusu kile kinyota, na jibu lilikuwa ukurasa fulani wa kiambatisho. Faili ikaendelea kwa kamati.

Baada yake alikuja kaka yake, anayeomba Ujerumani. Hati zake zimo katika Kiingereza na chuo kilizikubali hivyo, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kumkagulia tu. Wajerumani wengi hutumia fomyula inayojulikana, ambapo 1 ni bora na 4 ni kufaulu kwa chini:

```
1 + 3 × (alama ya juu − alama yako) / (alama ya juu − alama ya kufaulu)
```

Naye wastani wake ni 64, kama dada yake. Kwa 100 na 40 anapata 2.8. Lakini naye alikuwa ameskani mbele tu, na ofisi isiyoona jedwali inaweza kudhani kufaulu ni 50, na kwa 50 anashuka mpaka 3.16. Kozi aliyokuwa anaiomba haipokei mtu aliyezidi 3.0. Nikamwambia arudi na karatasi aigeuze, tuskani nyuma.