Karafuu zisizo na jibu

Mwaka jana nilipangwa pamoja na mwalimu mwenzangu kusahihisha maonyesho ya sayansi ya skuli yetu, hapa Pemba. Nilikuwa nimechoka kuona zawadi zikienda kwa bango lenye taa, nikaandika mgao mpya wa alama 100: swali 15, mpango wa jaribio 25, daftari la vipimo 25, hitimisho 25, bango 10. Tukakubaliana kila mmoja asahihishe peke yake, ndipo tulinganishe.

Volkano ya siki na magadi ilimwaga povu vizuri, watoto wakashangilia. Nilimuuliza kijana alikuwa akitafuta kujua nini. Akasema, "Kuonyesha tu, mwalimu." Bango nilimpa zote 10, jumla akatoka na 28.

Meza ya pili alikaa binti mwenye karatasi moja ya manila iliyojikunja, na daftari lililonuka karafuu. Alitaka kujua kama karafuu zikianikwa kwenye saruji hukauka haraka kuliko kwenye jamvi. Alichambua makonyo, akapima mafungu sita ya gramu 200, matatu kila upande. Jioni ya siku ya tatu mafungu ya jamvi yalikuwa gramu 78, 85 na 91. Ya saruji 72, 84 na 90. Pembeni ya 91 ameandika kwa kalamu nyengine: "Hili nilichelewa kulianua, lilipata manyunyu." Daftari la kunakiliwa usiku wa kuamkia maonyesho halina maneno kama hayo, wino wake ni mmoja na namba zote zinaishia na sifuri au tano.

Chini akaandika kwamba hawezi kusema saruji ni bora. Hapo ndipo tulipogongana. Mimi nilimpa 24 za hitimisho, mwenzangu 10. "Hana jibu huyu," akaniambia. Nikamwonyesha hesabu: wastani wa jamvi ni karibu 85, wa saruji 82, tofauti haifiki gramu tatu. Lakini mafungu ya saruji yenyewe kwa yenyewe yamepishana gramu 18. Kwa vipimo hivyo, aliyesema "saruji imeshinda" ndiye angekosea.

Mwenzangu aliposoma tena karatasi yangu ya mgao wa alama, akanikamata: niliandika mwenyewe "hitimisho lina jibu wazi". Kosa langu. Tulilifuta, tukaweka "hitimisho halizidi vipimo", tukarudia meza zote, jambo lililotuchelewesha hadi baada ya sala ya alasiri.

Naye akaona nilichokipita. Alimuuliza binti jamvi lilikuwa wapi. "Karibu na ukuta, mwalimu." Kivuli hufika mapema pale, na yeye hakubadilisha nafasi hata siku moja. Mpango niliompa 22 tukaushusha hadi 18. Jumla yake ikawa 80, akaongoza, na mzazi mmoja mpaka leo akinikuta sokoni huniulizia ile volkano.