Kumbukumbu ya mradi: wastani ulikuwa sawa, jedwali halikuwa sawa

Hatimaye nimeipata. Siku tatu nzima nimekuwa narudi kwenye picha mbili za mpwa wangu wa kidato cha nne, kule Mbagala: moja ya jedwali la titresheni, nyingine ya hesabu. Swali lilitaka x kwenye Na2CO3·xH2O, naye akapata 2. Ujumbe wake ulisema, "Mjomba shikamoo. Nimekosa alama zote za x, na mimi sioni kosa liko wapi."

Kwenye bureti kulikuwa na HCl ya 0.1 M. Kabonati ilikuwa gramu 14.3 kwa lita, pipeti ya 20. Jedwali lake hili hapa:

```
          Pailoti    1       2       3
Mwisho     20.50   20.20   39.60   19.80
Mwanzo      0.00    0.00   20.20    0.00
Ujazo      20.50   20.20   19.40   19.80
```

Amejumlisha ya 1, 2 na 3, akagawa kwa tatu, akapata 19.80. Wastani mzuri kabisa, na ndio ulionipotosha mimi. Nikawa nalitafuta kosa kwenye hesabu tu, kumbe jedwali lenyewe linapiga kelele: ujazo wa 1 na wa 2 umepishana kwa 0.80, wakati tunataka zisipishane zaidi ya 0.20.

Kwanza nikadhani kapitisha asidi kwenye titresheni ya kwanza. Lakini ukipitisha asidi, ujazo huo mmoja tu ndio unapanda; unaofuata hauna sababu ya kushuka. Hapa wa kwanza umezidi 0.40 na wa pili umepungua 0.40 ileile. Maana yake kosa liko kwenye namba wanayoshirikiana, ile 20.20 iliyo mwisho wa moja na mwanzo wa nyingine. Weka 19.80 mahali pake, na zote tatu zinakuwa 19.80. Kwenye wastani kosa lilijumlishwa mara moja na kutolewa mara moja, likapotea.

Sasa 19.80 inageukaje 20.20? Jumapili niliazima bureti, nikajaza maji hadi 11.70, nikampa asome. Akaweka kidole kwenye mstari wa 12, akapanda nacho vijistari vitatu hadi chini ya mbonyeo wa maji, akasema, "Kumi na mbili nukta tatu, mjomba." Ndilo lenyewe! Namba za bureti zinaongezeka kwenda chini, yeye anahesabu kwenda juu. Nilipomuuliza, akasema namba nyingine zote alizisoma mwenzake wa meza, 20.20 tu ndiyo yake.

Hapo niseme jambo kuhusu vifaa: kikadi cheupe chenye ukanda mweusi, ukikishika nyuma ya bureti, kinasaidia kuliko kamera yoyote ya simu. Picha iliyopigwa kwa juu inasogeza mbonyeo, na huwezi kuirekebisha baadaye.

Tukaja kwenye uwiano. Ameandika na/nb = 1/1, ameubeba kutoka HCl na NaOH ya wiki iliyopita. Kwa 1:1 kabonati inatoka 0.099 M, uzito wa moli 144.4, na x ni 2.1. Anakadiria 2, hakuna kinachomshtua. Kama angeandika 1/2, yaani uwiano wa 2/1 uliogeuzwa kichwa chini, angepata uzito wa moli 72, mdogo kuliko 106 ya Na2CO3 peke yake, na angejua mara moja kuna tatizo. Kosa la 1:1 linajificha ndani ya namba inayoaminika.

Sikuweza kumwambia moja kwa moja kwamba amekosea, kwa sababu juu ya picha palikatwa na jina la indiketa halionekani. Kwa fenolfthalini, rangi inapotea kabonati ikishageuka NaHCO3, na hapo 1:1 ni sahihi! Nikamuuliza rangi. "Ilikuwa njano ikawa chungwa." Basi ni methili oranji, asidi imefika hadi mwisho:

```
Na2CO3 + 2HCl → 2NaCl + H2O + CO2
```

Moli za asidi 0.00198, za kabonati nusu yake, 0.00099. Molariti 0.0495, uzito wa moli 288.9, x ni 10.2, yaani 10. Nilifurahi kama vile mtihani ni wangu.

Nilipanga leo nimtengenezee karatasi ya mazoezi ya uwiano. Nimeiacha, maana nimepata wazo la safu ya "kioo" kwenye jedwali la kompyuta: usomaji ukiwa B3, inaonyesha namba halisi kama msomaji alihesabu kwenda juu.

```
=2*INT(B3)-B3
```

Kwa 20.20 inatoa 19.80, kwa 12.30 inatoa 11.70. Kazi ya safu hii ni kushuku tu. Naikubali pale inapozivuta titresheni mbili zinazopakana pamoja kwa mpigo mmoja. Wenzake wawili wameshanitumia majedwali yao, na la kwanza nimeona lina 24.30 ikifuatiwa na ujazo uliopungua.