"Wewe, dada. Jumanne."

Nimelala na hayo maneno matatu siku nne sasa. Mama ametolewa nyuzi, bosi ametangaza kuwa anaondoka mwisho wa mwezi, na mimi bado nimeganda kwenye maneno matatu ya kijana wa zamu ya asubuhi.

Niliwahi kujisifu hapa kuhusu faharasa niliyoitengeneza kazini, yaani orodha ya maneno ambayo wahariri wa duka letu la mtandaoni wayatumie na ambayo wayaache. Katika orodha yetu ya bidhaa, kitu kimoja kilikuwa na majina matatu: mkoba wa mgongoni, begi la mgongoni na shanta. Mteja akitafuta kwa jina moja, yale mengine hayaoni. Tukakubaliana neno la kichwa liwe "begi la mgongoni", kwa sababu ndilo wateja wanaloandika zaidi kwenye kisanduku cha kutafutia, na "mkoba" ubaki kwa ule wa mkononi. Nikaweka na utaratibu wa idhini: mhariri anabadilisha, anaweka alama "inasubiri", mimi nasoma, nageuza kuwa "imepita". Nikajiona nimemaliza kazi.

Alhamisi nikafungua ukurasa mmoja nikakuta kichwa: "Begi la mgongoni mweusi wenye zipu mbili." Maelezo chini yake: "Begi la mgongoni huu una mfuko wa kompyuta." Damu ikanipanda. Nikamwita kijana.

"Nani aliyekupitishia hii?"

"Wewe, dada. Jumanne."

Hakusema kwa kejeli. Hata sauti hakuipandisha. Alikuwa ananijibu tu kama mtu aliyeulizwa saa ngapi. Nikafungua historia ya mabadiliko, na kweli, jina langu lipo, mistari arobaini, yote imepita ndani ya dakika moja. Arobaini! Hata kuhesabu mtu hamalizi kwa raha. Nilichagua yote kwa mkupuo, nikabonyeza, nikaenda kwenye kikao.

Nimejaribu kila namna ya kumjibu, kichwani, bafuni, njiani. "Lakini na wewe hukusoma?" Hapana, maana angesema alifuata faharasa, na angekuwa sahihi. Faharasa yangu ilikuwa na safu mbili tu: neno la kutumia, neno la kuacha. Yeye akatafuta "mkoba wa mgongoni", akaweka "begi la mgongoni" kote kwa mara moja. Kompyuta ikabadilisha nomino na kuacha sentensi nzima inafuata ngeli ya marehemu. Tena haikugusa "Mikoba ya mgongoni", kwa sababu wingi hauna herufi zilezile, kwa hiyo ukurasa wa kundi ukabaki na jina la zamani huku bidhaa zilizomo zina jipya.

Ajabu ni kwamba, nilipoacha kujitetea, kazi ilianza kunipendeza tena. Ijumaa nikamwomba tukae wote wawili. Sasa kila neno lina mstari wenye umoja, wingi, ngeli, na sentensi mbili za mfano: "Begi hili jeusi lina zipu mbili. Mabegi haya meusi yana zipu mbili." Mhariri akiwa na hizo mbili mbele yake, hahitaji kukumbuka sarufi ya darasani. Yeye ndiye aliyependekeza safu ya "wapi", na ni wazo zuri kuliko langu lolote: shanta haiingii kwenye kichwa, ila inaruhusiwa mara moja kwenye maelezo, maana wapo wateja wanaoitafuta hivyo. Neno tuliloliacha halifutwi. Linabaki na alama "limeachwa" na tarehe, likielekeza kwa mrithi wake, la sivyo miezi mitatu baadaye mtu atalileta upya kama ugunduzi.

Idhini nayo imebadilika. Mafungu ni ya kumi kumi, na kitufe cha kuchagua yote nimekiondolea ruhusa, mimi wa kwanza. Anayepitisha anasoma kichwa pamoja na maelezo, kwa sauti kama yuko peke yake. "Begi huu" jicho linaiachia, sikio halikubali. Neno likibadilika kwenye faharasa, tunatafuta umoja na wingi kando kando, na kila sentensi inarekebishwa kwa mkono. Ni polepole. Yale arobaini yametuchukua asubuhi nzima, na tumekuta mawili ambayo hayakuwa mabegi kabisa, ni mikoba ya mkononi iliyoandikwa vibaya tangu mwanzo.

Mwisho akaniuliza, "Na zako, dada, nani anazipitisha?" Nikamwambia wewe. Akacheka, nami nikacheka, lakini Jumamosi nikaota ile dakika moja.

Lile jino la nyuma limeanza tena. Upande wa kushoto sitafuni tangu jana.